Ripoti ya kisima imerudishwa: kitu kimoja majina matatu, nyakati zinarukaruka. Naanzia wapi?

Kidunda88
Wakuu habari za mchana. Nimerithi ripoti ya kisima kimoja cha kijiji huko Singida, kurasa 38, imeandikwa na watu watatu, mmoja aliandika mbinu, mwingine matokeo, wa tatu muhtasari na mapendekezo, halafu wote wameshahamia miradi mingine na mimi ndo nimeachiwa niisafishe. Mteja ameirudisha na komenti mbili tu. Ya kwanza: "Kiwango cha maji, usawa wa maji na kina cha maji ni vitu vitatu au kimoja?" Ya pili: "Kazi hii imefanyika au itafanyika? Ukurasa wa 9 mnasema pampu itawashwa, ukurasa wa 17 mnasema ilizimwa."

Kwa ninavyoelewa mimi hayo majina matatu yote ni kile kina cha maji kabla hujapampu, ile safu ya `SWL` kwenye fomu ya site. Sasa nataka nichague jina moja, nipige Ctrl+H, Replace All, nimalize leo. Na nyakati nazo nizinyooshe vipi? Ripoti inatakiwa Ijumaa.

Shebe_Mtaalamu
Mkuu hii ndogo. Ripoti ni ya kitu kilichokwisha, kwa hiyo kila kitenzi weka -li-, mwanzo mpaka mwisho. Majina chagua moja, Replace All, kunywa chai.

Mama Hariri
Kidunda mwanangu usiguse Replace All kabla hujanijibu hili. Tafuta "kiwango cha maji" kwenye faili lako, nenda moja moja, angalia namba iliyo karibu nayo ina kipimo gani. Ni mita peke yake, au kuna mahali imeandikwa mita za ujazo kwa saa?

PampuSola_Moro
Boss kama kiwango cha maji kimeshuka kisima hicho kinahitaji pampu ya chini zaidi. Tunazo za sola, tunakuja kufunga mpaka Singida. Kisima kina mita ngapi?

Kidunda88
@PampuSola_Moro kaka kisima kizima, kinachoumwa ni ripoti 😂

@Mama Hariri duh. Nimeangalia. "Kiwango cha maji" ipo mara 23. Mara 11 ni mita, ile ya kabla ya kupampu. Mara 9 ni "kiwango cha maji ni mita za ujazo 4.5 kwa saa", yaani maji yanayotoka. Na mara 3 ni mita ila namba ni 31.9, ile ya mwisho wa jaribio pampu ikiwa inafanya kazi.

Mama Hariri
Haya. Ungepiga Replace All ungemtumia mteja sentensi inayosema kina cha maji tuli ni mita za ujazo 4.5 kwa saa, mara tisa. Nimeshaiona kwa macho yangu ripoti ya namna hiyo, ilikuwa imeshapigwa na muhuri.

Komenti ya mteja imeuliza kama ni vitu vitatu au kimoja, na wewe umeshajibu kichwani kwamba ni kimoja. Jibu la kweli ni kwamba ni kitu kimoja chenye majina matatu, na hapohapo kuna majina yanayobeba zaidi ya kitu kimoja. Hiyo ya pili ndo mbaya, maana ya kwanza inamchosha msomaji tu lakini ya pili inampa namba isiyo yake. Kwa hiyo kabla hujachagua jina lolote, chukua karatasi, kila mahali neno linapotokea andika ukurasa, neno lililotumika, namba, kipimo, na maji yalikuwa katika hali gani, yametulia au yanapampwa. Ukimaliza panga kwa maana, usipange kwa neno. Hapo ndo utajua una vitu vingapi. Kurasa 38 ni kazi ya saa tatu hivi, siyo zaidi.

Otis254
Mimi niko Nairobi, shida yangu ilikuwa kama hii lakini kwa tasnifu, supavaisa aliniambia nikirudia neno moja sana inaboa, nitafute visawe. Sasa nyinyi mnasema neno moja tu kila mahali? Ripoti si itakuwa kavu bana.

Mama Hariri
@Otis254 kwenye insha sawa, visawe vinapendeza. Huku msomaji ni mtu anayetaka kununua pampu. Akiona neno jipya anadhani ni kitu kipya, na ana haki ya kudhani hivyo.

Bwana Jiwe
Naongeza kitu kama mtu wa miamba. Huko Singida kwingi ni graniti, maji yanakaa kwenye nyufa, kwa hiyo wachimbaji wanaandika pia kina walichokutana na maji wakati wa kuchimba. Hicho nacho watu wanakiita "kina cha maji". Unaweza kukutana na maji mita 42 halafu yakapanda yenyewe ndani ya bomba yakatulia mita 18, maana yalikuwa yamebanwa kwenye ufa. Mtu akisoma "kina cha maji mita 42" na ukurasa unaofuata "kina cha maji mita 18.4" atasema mmoja wenu mlevi. Angalia kama unayo.

Kidunda88
Bwana Jiwe wewe mchawi. Ninayo, mara 4, na namba ni hiyohiyo 42. Nimemaliza karatasi ya Mama Hariri jana usiku. Vitu viko vinne siyo kimoja: maji kabla ya kupampu, maji wakati wa kupampu, pale yalipopatikana kwenye mwamba, na maji yanayotoka kwa saa. Majina matatu yalikuwa yanazunguka kwenye vitu vinne kama mchezo wa viti kwenye sherehe, kila wimbo ukiisha kila mtu anakaa popote.

Nimeamua hivi: kina cha maji tuli, kina cha maji wakati wa kupampu, kina maji yalipopatikana, na utoaji wa kisima. Neno "kiwango" nimelifukuza kabisa kwenye ripoti ili lisirudi kwa mlango wa nyuma. "Usawa" nalo nimeliondoa.

Ila kuna kitu kimenishinda. Muhtasari unasema maji tuli ni mita 17.8. Jedwali la jaribio linasema 18.4. Halafu matokeo yanasema maji yalishuka kwa mita 13.5 na mapendekezo yanasema yalishuka kwa 14.1. Mteja hajaliona bado, akiliona nimekwisha.

Bwana Jiwe
Bomba la kesingi limechomoza juu ya ardhi kiasi gani? Angalia fomu ya site, huwa inaandikwa juu kabisa.

Kidunda88
Mita 0.6

Bwana Jiwe
Basi umemaliza. Aliyeshika dipa alipima kutoka mdomo wa kesingi, akapata 18.4. Aliyeandika muhtasari akatoa 0.6 ili iwe kutoka usawa wa ardhi, akapata 17.8. Wote wako sahihi, ila hakuna aliyesema anapima kutoka wapi. Ya mwisho wa jaribio, 31.9, ni ya dipa pia, kutoka kwenye kesingi. 31.9 toa 18.4 ni 13.5. Aliyeandika mapendekezo akachukua 31.9 ya jedwali akatoa 17.8 ya muhtasari, akapata 14.1. Hiyo 14.1 haipo duniani, futa.

Chagua sehemu moja ya kupimia, iseme mara moja kwenye mbinu, na kila namba iifuate. Mimi ningebaki na mdomo wa kesingi maana ndo namba zilizo kwenye fomu na mtu mwingine anaweza kwenda kuzirudia.

Shebe_Mtaalamu
Sasa hapo mnasahihisha hesabu, uzi ulikuwa wa lugha.

Mama Hariri
Shebe, hesabu iliharibika kwa sababu ya lugha. Wangekuwa wameliita jina moja kila mahali huyo wa mapendekezo angeona namba mbili za kitu kimoja na angeuliza. Aliona "usawa wa maji" huku na "kina cha maji" kule, akadhani ni vitu viwili, akachukua kimoja kimoja.

Kidunda, wakati wa kubadilisha jaribu kuangalia mambo mawili ambayo Ctrl+H haitakufanyia. La kwanza upatanisho. "Usawa" ni u-, "kina" ni ki-. Ukibadilisha jina peke yake unabaki na "kina cha maji tuli ulipimwa saa 2 asubuhi kabla haujaathiriwa na pampu". Kitenzi, kivumishi, "huo", "wake", vyote vinakufuata, na vingine viko sentensi ya pili ambako jina lenyewe halipo. Soma mpaka mwisho wa aya kila unapobadilisha.

La pili watu wengi hawalioni. Usawa ukishuka namba inapanda. "Usawa wa maji ulishuka kutoka mita 18.4 hadi 31.9" hiyo ni sawa, maji yameenda chini. Ukiweka kina, "kina cha maji kilishuka kutoka mita 18.4 hadi 31.9", sasa hiyo inasoma kinyume, kina kikishuka si maana yake yamekuja juu? Inabidi useme kina kiliongezeka, au uachane na kina useme maji yalishuka.

Kidunda88
Aisee. Zipo 6 za hivyo, na moja iko kwenye kichwa cha Mchoro 3. Mchoro wenyewe umekuja kama picha kutoka Excel kwa hiyo Ctrl+F haikuiona kabisa, lebo ya mhimili imeandikwa "Usawa wa maji (m)". Nimemwomba jamaa faili asili ya Excel, nasubiri.

Haya nyakati sasa. Kila -ta- kwenye mbinu imetoka kwenye andiko la kuombea kazi, walikopi wakapesti.

fundi_regex
-ta- zote utazipata hivi, hifadhi ripoti kama maandishi matupu kwanza:

```
grep -noE '\b(a|wa|i|ya|zi|ki|vi|li|u|tu)ta[a-z]+' ripoti.txt
```

Itakuletea na namba ya mstari.

Kidunda88
Imeniletea utafiti, utaratibu, wataalamu na kitabu 😅 ila zipo. Baada ya kuchambua zimebaki 41.

fundi_regex
Hahaha hiyo ndo bei ya Kiswahili. Na kukana haikamati, haita- na hayata- zitafute peke yake. Na kama kitenzi kimeanza sentensi kwa herufi kubwa nacho kimepita, ongeza `-i`. Ukitumia Word yenyewe, washa Use wildcards utafute `<yata` halafu `<ita` na kadhalika, nayo inatofautisha herufi kubwa na ndogo.

Shebe_Mtaalamu
Sasa hizo 41 zote -li-. Nilisema tangu jana.

Mama Hariri
Nyingi ndiyo, siyo zote, na huwezi kujua zipi kwa kuangalia skrini. Chukua daftari la site. Kila -ta- iulize, hili lilifanyika? Lini? Ukiliona kwenye daftari na tarehe yake, badilisha iwe -li-. Usipoliona usibadilishe, piga simu. Kwenye andiko mtu aliahidi, kwenye ripoti anashuhudia, na wewe ukigeuza "itafanyika" kuwa "ilifanyika" kwa kusahihisha lugha tu, umetoa ushahidi wa kitu hukukiona.

Otis254
Hii imenigusa, mimi nilibadilisha yote na Find and Replace, ta ikawa li. "Watalamu" walikuwa wameandikwa kwa a moja, wakawa "walilamu". Supavaisa aliuliza hao walilamu ni kabila gani 😭

Kidunda88
Nimekaa na daftari tangu asubuhi. 38 zilifanyika, zina tarehe. Mbili ni za mapendekezo, kweli ni za baadaye. Moja inasema "sampuli ya maji itapelekwa maabara kupimwa floridi". Kwenye daftari kuna chumvi na pH zilizopimwa palepale site, floridi sioni. Nimempigia aliyeandika mbinu, kasema aliyeandika matokeo ndo alikuwa na chupa. Nimempigia wa matokeo, kasema chupa ilibaki kwenye gari. Hakuna aliyepeleka.

Bwana Jiwe
Singida tena. Ukanda ule floridi ni jambo la kweli, watu wameharibika meno. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Hicho kisima hakitakiwi kukabidhiwa bila namba hiyo.

Mama Hariri
Na fikiria, kama Kidunda angemsikiliza Shebe ripoti ingesema "sampuli ilipelekwa maabara". Kiswahili safi kabisa.

Andika "sampuli haijapelekwa maabara hadi tarehe" ya ripoti. Haija-, siyo haiku-. "Haikupelekwa" umefunga mlango, "haijapelekwa" bado unadaiwa. Na mwambie bosi wako leo, usisubiri Ijumaa.

Shebe_Mtaalamu
Sawa, hilo nimekubali, la floridi sikulifikiria. Lakini baada ya hapo matokeo yote -li- jamani, hapo hamnipingi.

Bwana Jiwe
Nakupinga kidogo. "Kisima kilikuwa na urefu wa mita 72." Kimeenda wapi? Kimefukiwa? "Mwamba ulikuwa graniti." Sasa ni nini, chokaa? Vitu ambavyo ukienda kesho utavikuta vilevile viache kwenye wakati uliopo: kisima kina urefu wa mita 72, kesingi ni ya inchi 6, Mchoro 3 unaonyesha.

Ila usivuke upande wa pili. Jaribio lilifanyika mwezi gani?

Kidunda88
Machi mwishoni.

Bwana Jiwe
Mvua za huko zinaishia Aprili. Umepima maji yakiwa juu. Kwa hiyo ukiandika "kina cha maji tuli ni mita 18.4" umeahidi kitu, mtu atakayekwenda Oktoba akute mita 22 atasema mlidanganya. Hiyo ndo ya -li-, "kilikuwa mita 18.4 siku ya jaribio", weka na tarehe. Na utoaji ndo zaidi. "Kisima kinatoa mita za ujazo 4.5 kwa saa", hapana. Kilitoa hizo kwa saa 24 za jaribio kwa pampu ya jaribio. Kinachoweza kutoa mwaka mzima ni makadirio, yana sehemu yake kwenye mapendekezo na yaandikwe kama makadirio.

Kidunda88
Kwa hiyo kwenye sentensi moja naweza kuwa na nyakati mbili? "Kisima kina urefu wa mita 72 na kina cha maji tuli kilikuwa mita 18.4 tarehe fulani"?

Mama Hariri
Unaweza, na ndivyo inavyotakiwa. Mteja hakulalamikia nyakati mbili. Alilalamika kwa sababu zilikuwa zinabadilika pale ambapo mambo hayakubadilika.

Halafu umesema "kina" mara mbili hapo, moja ni kitenzi na nyingine ni jina 😄 mtu akisoma haraka anajikwaa. "Kisima ni cha mita 72" imeisha.

Angalia pia hu-. Kwenye mbinu utakuta "dipa hushushwa kila dakika 5". Hiyo inaeleza desturi, haisemi kama ninyi mlifanya. Kama mlifanya sema ilishushwa.

Kidunda88
Zipo nne za hivyo, na moja daftari linaonyesha baada ya saa ya pili walikuwa wanapima kila dakika 30 siyo 5. Nimeandika ilivyokuwa.

Na -me- je? Muhtasari wote ni -me-. Kisima kimechimbwa, jaribio limefanyika, pampu imependekezwa.

Shebe_Mtaalamu
-me- ni ya mazungumzo. -li- tu.

Mama Hariri
Mimi kwenye muhtasari ninaiacha, kisima kimechimbwa na kipo, hali inaendelea. Lakini ikija na tarehe naiondoa, "kimechimbwa tarehe 12 Machi" inanikwaruza, hapo kilichimbwa.

Bwana Jiwe
Mimi niko na Shebe kwa hili. Ripoti inakaa kabatini miaka 10, huyo anayesoma baadaye "imependekezwa" yake siyo yako.

Mama Hariri
Ripoti ina tarehe kwenye jalada Bwana Jiwe.

Bwana Jiwe
Jalada ndo la kwanza kunyofoka.

Kidunda88
Mrejesho. Bosi aliposikia la floridi alikasirika, siyo kwangu. Gari limeenda Singida jana kuchukua sampuli mpya maana ile ya kwenye gari imekaa juani wiki nyingi. Mteja amekubali ripoti isogee, nafasi ya floridi imeandikwa haijapelekwa mpaka majibu yaje.

Majina yamebaki manne, na ukurasa wa 3 nimeweka aya fupi inayosema kila jina linamaanisha nini na kwamba kina chote kimepimwa kutoka mdomo wa kesingi, mita 0.6 juu ya ardhi. Faili la Excel limekuja, lebo ya Mchoro 3 nimeibadilisha, na mhimili nimeugeuza ili namba ziongezeke kwenda chini, mstari sasa unashuka pale maji yanaposhuka. Yaliyomo nimebonyeza F9 maana vichwa vilibaki na majina ya zamani. Nimefanya yote Track Changes ikiwa imewashwa ili mteja aone kilichoguswa, ukurasa wa 9 ni mwekundu kama pilipili.

Muhtasari nimeweka -li- kwa vyenye tarehe na -me- kwa vilivyobaki, mnaweza kuendelea kugombana.

Shebe_Mtaalamu
Ningeweka -li- yote.

PampuSola_Moro
Wakuu nimesoma uzi wote. Maji wakati wa kupampu mita 31.9 Machi, kiangazi yataenda chini zaidi, kwa hiyo pampu ikae mita ngapi? Ripoti inasemaje?

Kidunda88
Ukurasa wa 33 unasema 54, ukurasa wa 36 unasema 48. Ngoja nikatafute daftari.